Maandishi Yanayochora: Kwa Nini Mfumo Usiojua Ila Maneno Huweza Kutoa Michoro ya SVG

Faili la SVG ni maandishi tangu mwanzo hadi mwisho. Likifunguliwa kwa programu yoyote ya kuhariri maandishi, halionyeshi umbo wala rangi. Linaonyesha herufi, tarakimu na mabano yenye ncha. Likifunguliwa kwa kivinjari, maandishi yale yale yanageuka picha. Hapo ndipo lilipo jibu la swali ambalo limewashangaza wengi tangu modeli za lugha zilipoenea: mfumo ambao haukupewa macho, haushiki kalamu, na hautoi kitu kingine isipokuwa mfululizo wa herufi, unawezaje kutoa mchoro wa nyumba, grafu au bendera? Unaweza kwa sababu mchoro wa aina hii huandikwa. Kazi ya kuupaka kwenye kioo hufanywa na programu nyingine kabisa.

Zipo njia mbili kuu za kuhifadhi picha katika kompyuta. Ya kwanza ni kuigawa picha katika vidoa vidogo mno vinavyoitwa pikseli, kisha kuandika rangi ya kila kidoa. Picha yenye upana wa pikseli 600 na kimo cha pikseli 400 ina pikseli 240,000, na kwa kuwa kila pikseli huhitaji namba tatu, yaani kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha bluu, jumla yake ni namba 720,000. Namba hizo hazisemi kwamba hapa pana mstari na pale pana duara. Zinasema rangi tu, kidoa baada ya kidoa. Mfumo wa maandishi ukitakiwa kuzitoa zote kwa mkono, kazi itakuwa ndefu kupita kiasi, na kosa dogo la mpangilio litaichana picha nzima.

Njia ya pili ni ya vekta. Hapa hazihifadhiwi rangi za vidoa, yanahifadhiwa maagizo: pawe na mstatili wa upana huu, duara lenye kitovu hapa, mstari utokao nukta hii hadi ile, wenye unene fulani na rangi fulani. Nukta hutajwa kwa namba mbili, ya mlalo na ya wima, yaani yale majira ya nukta yanayofundishwa katika hisabati ya shule. Maagizo haya ni machache, kila moja lina maana kamili, na yanaweza kuandikwa kwa maneno na tarakimu. Ndiyo maana mchoro wa vekta ukikuzwa hadi ukubwa wa bango la barabarani kingo zake hazichakai: kinachokuzwa ni kipimo kilichotajwa katika agizo, kisha picha inapakwa upya.

Wazo la kuchora kwa maagizo yaliyoandikwa ni la zamani kuliko SVG. Lugha ya Logo, iliyoanza mwaka 1967, baadaye iliwafundisha watoto kuchora kwa kumwamuru kasa aende mbele na kugeuka. PostScript ya kampuni ya Adobe, iliyotoka katika miaka ya 1980, ilieleza ukurasa mzima wa kuchapishwa kwa maandishi yaliyosomwa na mashine ya kuchapa. SVG yenyewe ilizaliwa katika W3C, shirika linaloandaa viwango vya wavuti, baada ya mapendekezo mawili yaliyoshindana kuwasilishwa mwaka 1998: PGML, lililoungwa mkono na Adobe na wenzake, na VML, lililoungwa mkono na Microsoft na wenzake. Toleo la kwanza la SVG lilipitishwa rasmi tarehe 4 Septemba 2001, na toleo la 1.1 likafuata Januari 2003. Lugha hiyo ilijengwa juu ya XML, mtindo wa kuandika data kwa maandishi yanayosomeka, ili mtu aweze kuiandika kwa mkono na programu yoyote iweze kuisoma. Wakati huo hakuna aliyekuwa akiwaza modeli za lugha. Hata hivyo uamuzi huo ndio uliowezesha yote yanayojadiliwa hapa. Kama kiwango cha wavuti kingekuwa cha namba za mashine zilizofungwa, modeli za lugha zisingekuwa na cha kusoma wala cha kuandika.

Modeli ya lugha hujifunza kwa kusoma maandishi mengi sana na kukisia kipande kinachofuata. Vipande hivyo huitwa tokeni. Tokeni moja yaweza kuwa neno zima, sehemu ya neno, alama, au tarakimu chache. Miongoni mwa maandishi ambayo modeli husoma, misimbo ya SVG imo kwa wingi. Kurasa nyingi za wavuti hubeba alama zao ndogo, kama ile ya kikapu cha kununulia au ya kioo cha kutafutia, zikiwa zimeandikwa kwa SVG ndani ya ukurasa wenyewe. Hazina za msimbo huria zimejaa mafaili hayo. Vitabu na masomo ya kompyuta huyaeleza mstari kwa mstari.

Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba namba katika mafaili hayo hazikai peke yake. Anayeandika SVG kwa uangalifu huzipa sehemu zake majina: kundi hili ni paa, kundi lile ni mlango, duara hili ni jicho la kushoto. Kuna lebo ya `<title>` inayotaja mchoro ni wa nini, na kuna maelezo ya mwandishi pembeni. Kwa hiyo maneno na vipimo husomwa pamoja, mara elfu kwa elfu. Modeli inakutana na jina la gurudumu likifuatwa na lebo ya `<circle>`, na magurudumu mawili yakiwa na namba moja ya wima na namba mbili tofauti za mlalo. Inakutana na paa likiwa na namba ndogo za wima kuliko ukuta. Hivyo uhusiano wa maumbo huingia kupitia maandishi, bila picha hata moja kuonwa.

Kazi yenyewe inaonekana vizuri zaidi kwa mfano mmoja unaofuatwa hatua kwa hatua. Bendera ya Tanzania, iliyoanza kutumika mwaka 1964, inaweza kuelezwa kwa maneno bila kuonyeshwa. Kimo chake ni mbili kwa upana wa tatu. Ina mkanda mweusi wa ulalo unaopanda kutoka pembe ya chini upande wa mlingoti hadi pembe ya juu upande wa pili, na mkanda huo una kingo za manjano. Pembetatu ya juu, upande wa mlingoti, ni ya kijani. Pembetatu ya chini, upande wa pili, ni ya bluu. Maelezo ya namna hii yamo katika vitabu vya uraia na ensaiklopidia, na ndiyo malighafi ambayo mfumo wa maandishi unayo. Kuyageuza kuwa SVG ni kama ifuatavyo:

```
<svg xmlns="http://www.w3.org/2000/svg" viewBox="0 0 600 400">
  <rect width="600" height="400" fill="#1EB53A"/>
  <path d="M0 400 L600 0 V400 Z" fill="#00A3DD"/>
  <path d="M0 400 L600 0" stroke="#FCD116" stroke-width="160"/>
  <path d="M0 400 L600 0" stroke="#000000" stroke-width="110"/>
</svg>
```

Mstari wa kwanza unatandika uwanja. Sifa ya `viewBox` inasema kwamba uwanja unaanzia nukta sifuri na sifuri, una upana wa vizio 600 na kimo cha vizio 400, yaani ule uwiano wa tatu kwa mbili. Vizio hivi si pikseli wala sentimita. Ni kipimo cha ndani ambacho kivinjari kitakinyoosha kulingana na nafasi iliyopo. Mstari wa pili unajaza uwanja wote kwa kijani. Wa tatu unachora pembetatu ya bluu: `M` inaweka kalamu kwenye nukta 0 na 400, `L` inavuta mstari hadi 600 na 0, `V` inashuka wima hadi 400, na `Z` inafunga umbo kwa kurudi ilikoanzia. Mistari ya nne na ya tano inapita njia ile ile ya ulalo, kwanza kwa manjano yenye unene wa 160, kisha kwa nyeusi yenye unene wa 110. Kinachobaki cha manjano ni kingo za vizio 25 kila upande. Unene huo ni wa kukadiria, lakini unakaribia sana bendera halisi.

Katika mfano huu pana mambo mawili ambayo ndiyo kiini cha suala zima. La kwanza ni mpangilio. SVG hupaka kwa kufuata mfuatano wa maandishi: kilichoandikwa kwanza hukaa chini, kilichoandikwa baadaye hukifunika. Mwandishi hahitaji kuikata pembetatu ya kijani. Anajaza kijani kote na kuacha bluu iifunike nusu. Mistari ya nne na ya tano ikibadilishana nafasi, mkanda mweusi utatoweka chini ya manjano, ingawa kila namba ni sahihi. Kwa mfumo unaoandika kutoka mwanzo hadi mwisho bila kurudi nyuma, kanuni hii ni msaada mkubwa, kwa sababu mfuatano wa kuandika ndio mfuatano wa kupaka. Nyuma kwanza, mbele baadaye.

La pili ni mgawanyo wa kazi. Ukingo wa manjano unaishia wapi kwenye ubavu wa kushoto wa bendera? Msimbo hausemi. Kama mwandishi angechagua kuuchora mkanda huo kama umbo lenye pembe zake, badala ya mstari mnene, angelazimika kukokotoa. Urefu wa ulalo, kwa kanuni ya Pithagorasi, ni kipeuo cha pili cha 520,000, yaani takriban 721. Nusu ya unene ni 80. Kwa hiyo ukingo ungekata ubavu wa kushoto vizio 80 mara 721 gawanya kwa 600 juu ya pembe, yaani takriban 96, na ungekata upande wa chini vizio 80 mara 721 gawanya kwa 400 kutoka pembeni, yaani takriban 144. Hesabu hizi si ngumu kwa kikokotoo, lakini ndizo ambazo modeli ya lugha hukosea ikiziandika kwa mkupuo. Kwa kutaja `stroke-width`, mwandishi anamwachia msomaji wa faili, yaani kivinjari, afanye hesabu hiyo. Na kivinjari hakikosei: kinakokotoa kingo, kinakata kilichotoka nje ya uwanja, kinalainisha mipaka, na kinatoa zile pikseli 240,000 au hata milioni kadhaa ikibidi. Maandishi yaliyozaa yote hayo hayafiki alama 400.

Kwa hiyo uwezo wa mfumo wa maandishi kuchora haumo ndani ya mfumo huo peke yake. Umegawanyika kati ya modeli inayosema nia, kiwango cha W3C kinachofunga maana ya kila neno, na programu ya kuonyesha inayotekeleza. Anayesema modeli imechora bendera anasema kweli kwa njia ile ile ambayo msanifu wa majengo anasemwa amejenga nyumba, ingawa hakushika mwiko.

Hata hivyo haitoshi kusema kwamba modeli inakariri misimbo iliyokwisha kuisoma. Bendera ya Tanzania yaweza kukaririwa, kwa sababu SVG zake zimesambaa. Ushahidi wa kitu zaidi ya kukariri ulitolewa Machi 2023 na watafiti wa Microsoft, wakiongozwa na Sébastien Bubeck, walipochapisha majaribio yao juu ya toleo la awali la GPT-4 ambalo halikuwa likipokea picha. Waliliagiza lichore mnyama wa hadithi, yule mwenye umbo la farasi na pembe moja kichwani, kwa TikZ, ambayo ni lugha nyingine ya kuchora kwa maandishi inayotumiwa pamoja na mfumo wa kupanga kurasa wa TeX. Mchoro uliotoka ulikuwa wa maumbo ya duara dufu na pembetatu, si wa kupendeza, lakini mnyama alitambulika. Kisha wakaubadilisha msimbo, wakaiondoa sehemu inayochora pembe, wakaiomba modeli iirudishe. Pembe ilirudi kichwani. Ili kulifanya hilo, ilipasa kubaini kutokana na namba zipi kati ya duara dufu zile ni kichwa, na sehemu ya juu ya kichwa iko wapi.

Jaribio hilo halithibitishi kwamba modeli inaona. Linathibitisha jambo dogo zaidi lenye manufaa zaidi: kwamba kutokana na maandishi pekee inawezekana kupata picha ya jumla ya mpangilio wa sehemu za kitu, na kuilinganisha na namba za majira ya nukta. Lugha ya binadamu imejaa habari za mahali. Watu huandika kila siku kwamba kichwa kiko juu ya shingo, miguu iko chini ya tumbo, mkia uko upande ulio kinyume na kichwa, na tanga hufungwa kwenye mlingoti. Sentensi hizi zina majibu ya maswali mengi ambayo mchoro rahisi unauliza.

Mipaka inaanza pale ambapo lugha huacha kusema. Bendera tatu za Afrika Mashariki zinaipima mipaka hiyo vizuri. Ya Tanzania, kama ilivyoonekana, ni kanuni tupu. Ya Kenya ina mikanda ya mlalo ambayo ni kanuni, lakini katikati ina ngao na mikuki miwili iliyopishana. Ngao ina ulinganifu wa kushoto na kulia, kwa hiyo mwandishi mwerevu huchora nusu moja tu na kuigeuza kama kwenye kioo kwa `transform="translate(600 0) scale(-1 1)"`, agizo ambalo katika uwanja wa vizio 600 hugeuza kila namba ya mlalo kuwa 600 kutoa namba hiyo. Kosa lolote la mkunjo wa nusu moja linajirudia upande wa pili, na ngao inabaki kuwa ngao. Ya Uganda ina mikanda sita ya mlalo, nyeusi, njano na nyekundu, ikirudiwa mara mbili. Hapo mchaguzi mzuri wa uwanja huandika `viewBox="0 0 9 6"` badala ya 600 kwa 400, maana 400 haigawanyiki kwa sita bila desimali, ilhali katika uwanja wa kimo cha sita kila mkanda una kimo cha moja kamili. Duara jeupe la katikati nalo linawekwa bila shida. Lakini ndani ya duara kuna korongo mwenye taji, na hapo kanuni inakwisha. Mkunjo wa shingo yake, mpangilio wa manyoya ya kichwa, namna mguu mmoja ulivyoinuliwa, yote hayo ni mamia ya namba ambazo hakuna sentensi inayozieleza. Modeli itatoa ndege wa namna fulani. Korongo wa bendera halisi hatatoka, isipokuwa kwa kukariri faili lililopo.

Mbali na maumbo yasiyo na kanuni, yako makosa ya kawaida ambayo hutokana na namna SVG ilivyotungwa, na kila moja lina dalili yake. Kubwa kuliko yote ni mwelekeo wa wima. Katika hisabati ya shule, namba ya wima huongezeka kwenda juu. Katika SVG huongezeka kwenda chini, kwa kuwa kioo cha kompyuta huhesabiwa kuanzia pembe ya juu kushoto. Modeli imesoma maandishi ya aina zote mbili, na TikZ yenyewe hufuata mtindo wa shule. Ikichanganya, mkanda wa bendera utaandikwa `M0 0 L600 400`, na badala ya kupanda kutoka chini ya mlingoti utashuka kutoka juu yake. Kwenye uso wa mtu, kosa hilo hilo hugeuza tabasamu kuwa huzuni.

Kosa la pili linahusu rangi ambazo hazikutajwa. Kiwango kinasema kwamba umbo lisilopewa rangi hujazwa weusi, na kwamba mstari usiopewa rangi ya wino hauchorwi kabisa. Kwa hiyo mwandishi aliyekusudia mkunjo mwembamba wa mdomo, akasahau kuandika `fill="none"`, anapata doa jeusi lenye umbo la nusu mwezi. Anayesahau `stroke` kwenye mstari mnyoofu hapati kitu. Doa jeusi lisilotarajiwa au mstari uliopotea ni dalili za kuangalia sifa hizo mbili kabla ya kugusa namba yoyote.

La tatu ni la mikunjo, nalo linahitaji maelezo kidogo. Mkunjo wa aina ya `Q` hupewa nukta ya mwanzo, nukta elekezi, na nukta ya mwisho. Nukta elekezi huuvuta mstari upande wake, lakini mstari haufiki kwake. Katika agizo hili:

```
M100 200 Q200 100 300 200
```

kilele cha mkunjo hakipo kwenye kimo cha 100. Katikati ya njia, kimo ni robo ya 200, kuongeza nusu ya 100, kuongeza robo ya 200, yaani 150. Modeli inayotaka kuweka ndege juu ya kilele cha mlima uliochorwa hivyo, na ikadhani kilele kiko 100, itamwacha ndege akielea hewani vizio 50 juu ya mlima. Ndiyo maana michoro ya modeli hizi huwa na viungo visivyogusana: mkono ulioachana na bega, mpini ulioachana na jembe, fremu ya baiskeli isiyofika kwenye ekseli. Kila sehemu peke yake iko sawa. Kinachokosekana ni kujua mkunjo unapita wapi hasa. Baiskeli ni mtihani mgumu kwa sababu mabomba yake lazima yakutane kwenye nukta maalumu chache, na jicho la mtazamaji hugundua mara moja bomba likikosa nukta yake.

Nalo suala la maandishi ndani ya mchoro lina ugumu wake. Upana wa neno hutegemea fonti iliyomo kwenye kifaa cha mtazamaji, na modeli haiwezi kuujua. Lebo ya `<text>` ya kawaida haivunji mstari yenyewe neno likizidi kisanduku. Hivyo jina refu la Kiswahili, ambalo aghalabu huzidi mwenzake wa Kiingereza kwa herufi, hutoka nje ya kisanduku chake katika mchoro wa mtiririko wa kazi. Tiba ya sehemu ni kulipanga neno kutoka katikati kwa `text-anchor="middle"` na kukipa kisanduku nafasi ya ziada. Likizidi kidogo, litazidi sawasawa pande zote mbili.

Sababu inayoyaunganisha makosa haya ni moja. Mfumo wa maandishi huandika mbele bila kuuona mchoro. Mchoraji wa kawaida akivuta mstari ukakosea, jicho humwambia kabla hajavuta wa pili. Modeli ikiandika namba mbaya kwenye mstari wa nne, itaendelea kujenga juu yake hadi mstari wa arobaini. Ubaya huo huzidi pale inapotumia amri za herufi ndogo, kama `l` na `c`, ambazo hupima kutoka mahali kalamu ilipo sasa: kosa moja linasukuma kila kinachofuata katika njia hiyo. Amri za herufi kubwa hupima kutoka mwanzo wa uwanja, na kosa la nukta moja hubaki la nukta moja. Kwa sababu hiyo msimbo uliotoka kwa modeli ni salama zaidi ukiwa na herufi kubwa, namba kamili zisizo na desimali, na maumbo ya msingi kama `<rect>` na `<circle>` kila yanapotosha.

Kukagua kazi kunafuata ngazi. Kwanza ni sarufi. XML haisamehe, lebo moja isiyofungwa hulifanya faili kuwa bovu, na kivinjari huonyesha ujumbe wa kosa wenye namba ya mstari. Amri ya `xmllint --noout mchoro.svg` hutoa taarifa hiyo hiyo bila kufungua kivinjari. Kivinjari kikionyesha mti wa lebo badala ya picha, kinachokosekana kwa kawaida ni sifa ya `xmlns` kwenye mstari wa kwanza. Njia iliyochorwa nusu kisha ikakatika inaelekeza kwenye herufi au namba mbovu ndani ya `d`, kwa kuwa kiwango kinataka njia ichorwe hadi pale kosa linapoanzia. Faili likikosa `</svg>` mwishoni, mara nyingi modeli ilifikia kikomo cha urefu wa jibu lake.

Sarufi ikiwa safi, inabaki picha yenyewe, na hapo hakuna mbadala wa kuionyesha na kuitazama. Mtu anaweza kurudisha taarifa kwa maneno: pembe imeelea, isogezwe chini vizio 20; mkono wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia. Taarifa za aina hiyo hufanya kazi vizuri sana, kwa sababu sehemu zina majina ndani ya msimbo na modeli inaweza kuipata ile inayotajwa na kubadilisha namba zake pekee. Huo ni ubora ambao picha ya pikseli haina: haiwezekani kuliagiza faili la pikseli lisogeze pembe tu, maana ndani yake hakuna kitu kinachoitwa pembe. Mifumo mipya inayopokea picha huweza pia kuonyeshwa matokeo ya msimbo wake na kujisahihisha, lakini hapo si mfumo wa maandishi matupu tena.

Kutokana na hayo, matumizi yanayofaa yanajulikana. Grafu za takwimu, ramani za vyumba zenye vipimo, michoro ya hatua za kazi, alama ndogo za programu, bendera na nembo za kijiometri ni kazi ambazo mfumo wa maandishi huzifanya kwa kutegemeka, kwa kuwa kila kitu ndani yake kina kipimo kinachoweza kusemwa. Sura ya mtu fulani, mpaka halisi wa pwani, au mnyama katika mkao fulani ni kazi ambazo hautazifanya vizuri kwa SVG, hata msimbo ukirefushwa kiasi gani, na anayezihitaji atafute picha halisi au data ya majira ya nukta iliyopimwa.